Tunataka kulinganisha orodha mbili za namba za wakulima bila kuonyeshana: je, kutumiana hashi kunatosha?

Mtunza Orodha (mleta mada)

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninatunza orodha ya wanachama wa kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo, na orodha hiyo ina namba za simu 3,100. Upo mradi mwingine unaogawa mbegu za alizeti Chamwino na Kongwa, nao una namba 5,400. Kwa muda mrefu tumekuwa tukigongana, kwani mkulima mmoja anaitwa kwenye mafunzo mawili siku moja, au anahojiwa mara mbili ndani ya wiki kwa maswali yale yale, mpaka wengine wameanza kuzima simu wakiona namba zetu. Tumekubaliana kwamba tutafute wale walio kwenye orodha zote mbili, lakini sisi hatuko tayari kuwapa orodha nzima, na wao vilevile hawako tayari kutupa ya kwao.

Mtaalamu wao amependekeza kila upande upitishe namba zake kwenye SHA-256, hesabu inayogeuza kila namba kuwa msimbo mrefu uitwao hashi, kisha tubadilishane faili za hashi na kuangalia zipi zinafanana. Hoja yake ni kwamba hashi hairudi nyuma, kwa hiyo asiyekuwa na namba hawezi kuisoma. Mwenyekiti wangu ameridhika, mimi bado nina mashaka ambayo sijui kuyaeleza. Naomba mwenye ujuzi anisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya kutuma faili.

Fundi wa Makole

Mkuu, mashaka yako yana msingi, ila si makubwa. Ni kweli hashi hairudi nyuma. Kasoro yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na jedwali lililotengenezwa tayari la namba zote za simu na hashi zake, akawa anatafuta tu. Dawa yake ni chumvi. Mkubaliane neno refu la siri, kila upande uliunganishe na namba kabla ya kuhashi, na majedwali ya watu yatakuwa hayana kazi tena. Mimi ninafanya hivyo kwenye nywila za mifumo ninayoitengeneza na sijawahi kupata tatizo.

Mdau wa Manyoni

Naomba nami niulize hapa hapa. Mwaka jana nilikopa fedha kidogo kupitia programu moja ya simu. Nilichelewa kulipa siku nane tu, wakaanza kumpigia mjomba wangu, mchungaji wangu, na hata fundi aliyenichimbia kisima. Je, hii njia ya kulinganisha orodha ndiyo waliyoitumia kunasa namba za watu wangu? Kama ni hiyo, basi ninashangaa kwamba mnaisifia.

Mwalimu wa Vipeo

Nianze na ndugu wa Manyoni, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Hapana. Pole sana kwa yaliyokupata, lakini wale hawakulinganisha kitu chochote. Ulipoiruhusu programu isome majina yaliyo kwenye simu yako, ilinakili kitabu chote na kukipeleka kwao kikiwa wazi. Tunachojadili hapa ni jinsi ya kuepuka jambo la namna hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa mleta mada. Mashaka yako ni makubwa kuliko anavyodhani Fundi. Chukua namba za simu za mkononi za hapa nchini: ukiondoa 255 zinabaki tarakimu 9, ya kwanza ikiwa 6 au 7, na nyingine nane ni zozote. Kwa hiyo namba zote zinazowezekana hazizidi milioni 200. Kompyuta mpakato ya kawaida, hata kwa programu isiyoandikwa kwa ustadi, inazihashi zote kwa dakika chache, na yenye kadi nzuri ya michoro haimalizi hata sekunde moja. Mwenzako akishapata faili lako la hashi 3,100, hahitaji kurudisha hashi nyuma. Anazipitisha mbele namba zote milioni 200, kisha anaangalia zipi zimeangukia kwenye faili lako. Jioni hiyo hiyo ana orodha yako nzima, na wewe hutajua.

Chumvi ya Fundi inamzuia mtu wa nje anayeiba faili njiani. Lakini mleta mada hamwogopi mtu wa nje. Anayemficha orodha ni yule yule mwenzake, naye chumvi anayo mkononi kwa sababu lazima aitumie kwenye orodha yake mwenyewe. Kwenye nywila mambo ni tofauti, kwani pale hutumii chumvi moja kwa watu wote, wala humpi mtu mwingine akulinganishie.

Fundi wa Makole

Nakubali, sikulitazama kwa jicho hilo. Lakini je, tukitumia hashi nzito, zile zinazotengenezwa makusudi ziwe za polepole? Kila namba ikichukua sehemu ya kumi ya sekunde, milioni 200 ni sekunde milioni 20, ambazo ni zaidi ya siku 230.

Mwalimu wa Vipeo

Hesabu yako ni sahihi kwa kichakataji kimoja. Akikodi mia moja, siku hizo zinakuwa mbili na ziada kidogo, na namba za wakulima hazibadiliki ndani ya siku mbili. Umemchelewesha, hujamzuia.

Njia inayofaa ilielezwa na Catherine Meadows mwaka 1986, kisha Huberman, Franklin na Hogg wakaitumia mwaka 1999 kwa swali linalofanana kabisa na hili la leo. Wanaoifanyia kazi huiita PSI, kifupi cha Kiingereza cha private set intersection, yaani kutafuta vya pamoja kwa siri. Wazo lake ni kufuli mbili ambazo hazijali ipi imetangulia kufungwa. Mleta mada ana kufuli lake, mwenzake ana la kwake, na funguo hazibadilishwi. Namba iliyofungwa kwa kufuli zote mbili inaonekana vilevile, iwe imeanzia Hombolo au Kongwa. Asiye na kufuli zote mbili hawezi kujaribu namba milioni 200 peke yake, kwa sababu kila jaribio linahitaji mkono wa mwenzake.

Kufuli lenyewe ni kupandisha kwa kipeo na kuchukua baki. Nitatumia 23 kama kigawanyo ili mtu aweze kufuata kwa kalamu, ingawa kazi halisi hutumia namba kubwa mno. Tuseme namba tatu za mleta mada zimegeuzwa kuwa 3, 8 na 13, na mbili za mwenzake zimekuwa 8 na 12. Iliyo ya pamoja ni 8, lakini hakuna anayejua hilo. Siri ya mleta mada ni kipeo 3, siri ya mwenzake ni kipeo 5.

Mleta mada anapandisha zake kwa 3 na kuchukua baki baada ya kugawa kwa 23, anapata 4, 6 na 12, anazituma. Mwenzake anazipandisha hizo kwa 5, anapata 12, 2 na 18, anazirudisha kwa mpangilio ule ule. Pamoja nazo anatuma za kwake alizozipandisha kwa 5, yaani 16 na 18. Mleta mada anazipandisha hizi mbili kwa 3, anapata 2 na 13. Sasa analinganisha: upande mmoja ana 12, 2, 18, na upande mwingine ana 2, 13. Inayofanana ni 2, nayo iko nafasi ya pili kwenye zilizorudi, kwa hiyo anajua ni namba yake ya pili, ile iliyokuwa 8. Kuhusu nyingine ya mwenzake ameona 18, kisha 13, na hizo hazimwambii kitu.

Fundi wa Makole

Nimeketi na kalamu nikafuata, na nimepata jambo ambalo sijalielewa. Mwenzake ametuma 16 na 18. Kwenye zilizorudi ipo 18 pia. Je, hiyo si ya pamoja nyingine? Mwalimu, umeisahau?

Mwalimu wa Vipeo

Ninafurahi umefuata kwa kalamu, maana wengi husoma tu. Ile 18 ya mwenzake ina kufuli moja, ni 12 iliyopandishwa kwa 5. Ile 18 iliyorudi ina kufuli mbili, ni 13 iliyopandishwa kwa 3 kisha kwa 5. Kulinganisha yenye kufuli moja na yenye mbili hakuna maana yoyote. Zimefanana kwa bahati kwa sababu kwenye mfano wangu kuna thamani 11 tu za kuzungukia, na kwa udogo huo kugongana ni jambo la kawaida. Kwenye kundi halisi bahati ya namna hiyo haitokei.

Kuna jambo dogo ambalo mfano wangu umelipita haraka. Mwenzake anapotuma za kwake, azichanganye kwanza kama mtu anavyochanganya karata. Mleta mada ataona kwamba iliyofanana ilikuwa ya kwanza kwenye faili la mwenzake, na kama faili hilo limepangwa kijiji kwa kijiji, nafasi pekee inatosha kumwambia mkulima huyo ameandikishwa wapi, na wangapi waliandikishwa kabla yake. Zile anazozirudisha, kinyume chake, asizichanganye, la sivyo mleta mada atajua idadi ya zilizofanana bila kujua ni zipi. Wapo wanaotaka idadi tu, na kwao kuchanganya hizo pia ndiyo ufumbuzi.

Mama Ntyuka

Wanangu, ninasoma nikiwa na swali la mtu mzima. Mbona msimtafute mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote, hata afisa ugani au mhasibu mstaafu, akakaa na kompyuta isiyo na intaneti, akapewa orodha zote mbili, akatoa zilizofanana, kisha mkafuta mbele ya mashahidi? Hayo ya 23 mimi nimeyafuata nusu, lakini hili la mtu mmoja naona linamalizika kabla ya chai ya saa nne.

Mwalimu wa Vipeo

Shikamoo, mama. Kwa kazi ya mara moja na orodha zenye ukubwa huu, pendekezo lako si la kudharauliwa, na pengine ndivyo ningefanya kama mtu huyo yupo. Ugumu unakuja pale kazi inaporudiwa kila msimu, kwa sababu mtu huyo anakuwa ameshika orodha zote mbili kila mara, na siku akibanwa na mkubwa wake hana jinsi ya kuthibitisha kwamba alifuta.

Kwa upande wa uzito wa kazi, wala si mkubwa kama maelezo yanavyoufanya uonekane. Kila namba iliyofungwa ni baiti 32. Faili la mleta mada litakuwa baiti 99,200, la mwenzake 172,800, na zile zinazorudi ni 99,200 tena. Jumla haifiki nusu MB, ndogo kuliko picha moja ya simu. Kila kompyuta itapandisha mara 8,500, kazi ya sekunde chache.

Wakili wa Kondoa

Naomba niongeze upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya simu inayomtambulisha mkulima ni taarifa binafsi. Mkulima wa zabibu alitoa namba yake kwa ajili ya chama chake. Hakuambiwa kwamba italinganishwa na ya mradi wa alizeti, kwa kufuli mbili au kumi. Kwa maoni yangu kufuli haziondoi wajibu wa kumweleza, kwa kuwa mwisho wa zoezi mtu anajifunza jambo jipya kuhusu mkulima huyo, yaani kwamba yupo pia kwenye mradi mwingine.

Mwalimu wa Vipeo

Kuhusu zile zilizofanana, ninakubaliana nawe moja kwa moja. Kuhusu zile ambazo hazikufanana sina uhakika na hoja yako, kwani upande wa pili haujifunzi chochote juu yao.

Wakili wa Kondoa

Unajifunza kwamba mtu fulani hayumo. Kwa orodha ya alizeti hilo ni jambo dogo. Kwa orodha ya wagonjwa au ya wadaiwa lingekuwa kubwa.

Mwalimu wa Vipeo

Hapo umenishika, nami nijirekebishe. Mleta mada anapoona namba yake fulani haikufanana, anajua mkulima huyo hayumo kwenye alizeti. Kwa hiyo kila namba anayoiingiza inampa jibu la ndiyo au hapana. Tena ni yeye tu anayeyapata majibu. Mwenzake haoni matokeo mpaka aambiwe, na akiambiwa hana jinsi ya kujua kama ameambiwa yote.

Hilo linafungua mlango wa udanganyifu ambao kufuli haziuzibi. Mleta mada, bila kukusingizia, hakuna kinachokuzuia kuingiza namba ambazo si za wanachama wako, kwa mfano za kijiji kizima ulizozipata kwingine, na kuuliza ni nani kati yao yupo kwenye alizeti. Ungeingiza zote milioni 200, faili lako lingekuwa GB 6.4 na mwenzako angeshtuka, lakini ukibadilisha mia tatu tu ndani ya zile 3,100 hataona tofauti. Programu za ujumbe zimekutana na balaa hili kwa ukubwa wake. Mwaka 2021 watafiti walichapisha kazi wakionyesha jinsi walivyoiuliza WhatsApp kuhusu asilimia 10 ya namba za simu za mkononi za Marekani, na Signal kuhusu zote, wakitumia tu huduma ya kawaida ya kutafuta marafiki. Kinachosaidia ni kukubaliana idadi kwa maandishi kabla ya kuanza, kukataa faili linalozidi idadi hiyo, na kutorudia zoezi kila wiki, kwa sababu kila marudio ni maswali mengine 3,100.

Mtunza Orodha (mleta mada)

Nimerudi baada ya siku sita. Niliwasilisha haya kwa mwenyekiti, faili la hashi halikutumwa, na mtaalamu wao alikubali njia ya kufuli mbili bila ubishi. Fundi wa Makole alinisaidia kuandika programu, ninamshukuru hadharani. Tulikubaliana pia kila upande uweke namba moja ya bandia, 255 ikifuatwa na sifuri tisa, ili tujue kama mtambo unafanya kazi.

Matokeo tuliyopata leo asubuhi ni namba moja tu iliyofanana, na ni ile ya bandia. Haiwezekani. Mimi mwenyewe ninawafahamu wakulima zaidi ya ishirini walio kote kote.

Mwalimu wa Vipeo

Hiyo namba ya bandia imekusaidia kuliko unavyodhani. Kama isingefanana, ningesema kufuli zimeharibika: labda mmoja wenu alianza upya na siri mpya katikati ya kazi, au mlitumia njia tofauti ya kugeuza namba. Kwa kuwa imefanana, kufuli ni nzima, na kasoro iko kwenye maandishi ya namba halisi. Hesabu hizi haziambiwi kwamba 07 na 2557 ni kitu kimoja. Herufi moja ikitofautiana, hata nafasi tupu, matokeo yanatofautiana kabisa. Fungueni kila mmoja faili lake, mwangalie mistari kumi ya kwanza, kisha mwambiane umbo lake bila kutaja namba.

Mtunza Orodha (mleta mada)

Tumefanya hivyo kwa simu. Zangu zimeandikwa 2557 na kuendelea. Za mwenzangu zilitoka Excel, ambayo imekula sifuri ya mwanzo, hivyo nyingi zina tarakimu 9. Chache zina alama ya kujumlisha, na nyingine zimegeuka kuwa 2.55754E+11, ambazo hata yeye hajui zilikuwa namba gani.

Fundi wa Makole

Hizo za mwisho zimepotea, arudi kwenye daftari la asili. Kwa nyingine, pande zote mbili zitumie kipande hiki hiki, neno kwa neno, wala asiwepo wa kuandika cha kwake:

```python
def sawazisha(s):
    if "E" in s.upper():
        return None
    d = "".join(c for c in s if c in "0123456789")
    if len(d) == 10 and d[0] == "0":
        d = "255" + d[1:]
    elif len(d) == 9 and d[0] in "67":
        d = "255" + d
    if len(d) == 12 and d.startswith("255"):
        return d
    return None
```

Zinazotoa `None` zihesabiwe na zitazamwe kwa macho. Msizitupe kimyakimya.

Mwalimu wa Vipeo

Kipande ni kizuri. Baada yake ondoeni zinazojirudia, na hili si la unadhifu tu. Namba moja ikijirudia mara arobaini, kufuli lake litajirudia mara arobaini, na upande wa pili ataona kwamba ipo namba moja inayobeba watu arobaini. Kijijini hiyo huwa ni ya mwenyekiti wa kitongoji au ya wakala, na kuikisia si kazi ngumu.

Fundi, kwa kuwa programu ni yako, naomba unieleze jambo moja. Namba ya simu unaigeuzaje kuwa kitu cha kupandishwa?

Fundi wa Makole

Ninatumia libsodium, maktaba ya programu za usimbaji, na kundi lake la ristretto255. Ninachukua hashi ya namba, ninaifanya kuwa kipeo, kisha ninapandisha ile nukta ya msingi kwa kipeo hicho. Baada ya hapo ninapandisha tena kwa siri. Nimejaribu kwa orodha ndogo na zilizofanana zilionekana zote.

Mwalimu wa Vipeo

Hapo ndipo nilipoogopea. Programu yako inatoa majibu sahihi na haina siri hata kidogo, na hakuna jaribio la orodha ndogo litakalokuonyesha hilo.

Tazama kwa nini. Iite nukta ya msingi g. Namba yoyote ikishafungwa kwa siri ya mleta mada inakuwa g iliyopandishwa kwa hashi, ikazidishwa kipeo kwa siri. Hashi anaijua kila mtu. Ile namba yenu ya bandia mwenzake anaijua, na anajua imo kwenye faili. Anachukua mstari mmoja baada ya mwingine na kudhania kuwa ndio wa bandia, anaiondoa ile hashi kwa kupandisha kwa kinyume chake, na kwenye mstari ulio sahihi anabaki na g iliyopandishwa kwa siri peke yake. Siri yenyewe haijui, lakini haihitaji tena. Kuanzia hapo anaweza kufunga kufuli la mleta mada kwenye namba yoyote kati ya zile milioni 200, akiwa kwake, bila kumwomba mtu. Mistari ni 3,100 tu ya kujaribu. Mmerudi kwenye hashi tupu mliyoikimbia.

Badala ya hivyo, chukua SHA-512 ya namba, ambayo ni baiti 64, uipe `crypto_core_ristretto255_from_hash`. Hiyo inakupa nukta ambayo hakuna anayejua uhusiano wake na g. Kisha funga kwa `crypto_scalarmult_ristretto255`, na siri itoke `crypto_core_ristretto255_scalar_random`, mpya kwa kila zoezi.

Fundi wa Makole

Nimesoma mara tatu, nimeelewa, na ninaona aibu kidogo. Mstari mmoja tu ndio unaobadilika. Mkuu mleta mada, lile faili ulilotuma leo asubuhi lilitoka kwenye programu yangu ya kwanza. Ninakuomba radhi.

Mtunza Orodha (mleta mada)

Limeshatumwa na halirudi. Nimempigia mwenzangu, amesema amelifuta, nami sina njia ila kumwamini. Nimemweleza mwenyekiti pia, kwa sababu nisingependa alisikie kwa mtu mwingine.

Mama Ntyuka

Ndiyo maana nilitaja mhasibu mstaafu.

Mtunza Orodha (mleta mada)

Mama, ulisema. Hii ni taarifa ya wiki iliyofuata. Tumerudia kwa programu iliyosahihishwa, siri mpya, na kipande kimoja cha kusawazisha. Baada ya kuondoa zinazojirudia mimi nilibaki na namba 2,870 na mwenzangu 4,960. Zilizofanana ni 611, ukiacha ya bandia, na wale ishirini na kitu ninaowafahamu wamo wote isipokuwa watatu.

Hao watatu niliwapigia. Wawili wamebadilisha laini. Wa tatu, mama mmoja wa Mkoyo, aliandikishwa kwetu kwa simu yake na kwenye alizeti kwa simu ya mwanawe. Kwa upande mwingine, nilipompigia mmoja wa wale 611 alipokea mtu ambaye hajawahi kulima mzabibu, kumbe ni kaka yake aliye kwetu, na simu ni moja kwa nyumba nzima.

Wakili wa Kondoa

Basi mmemjulisha mtu asiye mwanachama wenu kwamba kaka yake ni mwanachama. Hilo mliandikeje kwenye makubaliano yenu?

Mtunza Orodha (mleta mada)

Hatukuliandika.

Mwalimu wa Vipeo

Mngeweza kufunga namba pamoja na jina la kwanza kama kitu kimoja, na yule kaka asingefanana na nduguye. Lakini hapo Yohana wa kwenu akiandikwa John kwao, mtampoteza, na kwa majina ya huku ninahofia mtapoteza wengi kuliko mtakaowaokoa. Una daftari lenye majina yalivyoandikwa na pande zote mbili kwa hao ishirini unaowafahamu? Ningependa kuona ni wangapi wameandikwa sawasawa kabla sijakushauri lolote.

Mtunza Orodha (mleta mada)

La kwetu ninalo. La kwao nitamwomba mwenzangu, kwa hao ishirini tu, nao nitawauliza kwanza.